Kebo ya Mtandao Kando ya Waya wa Umeme: Ngao Inasaidia Lini?

Mteja akifika kwenye duka la vifaa vya mtandao na kusema kwamba kebo yake itapita sambamba na waya wa umeme, jibu la muuzaji karibu kila mara ni lilelile: chukua yenye foili. Mteja analipa zaidi, anabeba boksi lake, na fundi anaivuta kebo mpya palepale ilipokuwa ya zamani, ikiwa imefungwa pamoja na waya wa umeme. Wiki moja baadaye tatizo liko vilevile, na sasa hakuna anayejua afanye nini, kwa sababu dawa iliyotajwa imeshatumika.

Foili ina kazi yake, na ziko sehemu ambazo huwezi kuikwepa. Lakini ndani ya kebo ya mtandao kuna kinga nyingine, ya zamani zaidi na isiyoongezewa bei, ambayo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Asiyeielewa kinga hiyo ya kwanza hawezi kujua ni lini anahitaji ya pili.

Tuchukue kiwanda kidogo cha kukoboa na kusaga mahindi. Kinu kinaendeshwa na mota ya kilowati 22 inayotumia umeme wa fezi tatu, volti 400. Karani yuko kwenye chumba upande mmoja wa jengo pamoja na swichi ya mtandao na mashine ya kurekodi picha. Upande wa pili, juu ya mlango wa kupakia magunia, kuna kamera. Kati yao ni mita 45. Aliyefunga kamera alitumia kebo ya Cat 5e isiyo na ngao, na kwa kuwa kebo nene ya mota ilikuwa tayari imepita ukutani, aliikaza ya kwake juu ya hiyo kwa mita 30 hivi. Kila mota inapowashwa, picha ya kamera inapotea. Mwenye kiwanda ameambiwa anunue kebo yenye foili. Anunue?

Kabla ya kumjibu, tuikate kebo yake tuone ndani. Ukichubua ganda la nje utakuta nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili, yaani jozi nne. Kila jozi imesokotwa kwa kasi yake, moja mizunguko imebanana, nyingine imeachiana kidogo, ili jozi zisisumbuane zenyewe kwa zenyewe. Alexander Graham Bell alipata hataza ya kusokota nyaya za simu kwa namna hii mwaka 1881, na hadi leo tunaitegemea mbinu hiyohiyo.

Msokoto unafanya kazi hivi. Kifaa kinachotuma hakitumi volti kwenye waya mmoja tu. Kinatuma volti chanya kwenye waya mmoja wa jozi na volti hasi iliyo sawa nayo kwenye mwenzake, na kifaa kinachopokea hakijali volti ya waya wowote peke yake, kinajali tofauti kati ya hizo mbili. Tuseme mmoja una volti 1 na mwingine una hasi 1. Tofauti ni 2. Sasa mota iliyo jirani inapandikiza volti 3 za kelele. Kwa kuwa nyaya zimesokotwa, kila mmoja unakaa karibu na mota kwa nusu ya mzunguko kisha unampisha mwenzake, hivyo kelele inayoingia kwenye zote mbili ni karibu sawa. Mpokeaji anaona 4 upande mmoja na 2 upande mwingine. Tofauti bado ni 2. Kelele imeingia kwenye kebo, lakini ujumbe haukuguswa.

Kuna jambo la pili linalomsaidia mwenye kiwanda bila yeye kujua. Umeme wa ukutani hubadilika mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Mtandao wa gigabiti unapiga mapigo milioni 125 kwa sekunde kwenye kila jozi. Mlango wa swichi na wa kamera una transfoma ndogo ndani yake inayopitisha masafa ya juu na kuzuia ya chini, kwa hiyo mvumo wa kawaida wa umeme hukwama pale. Kebo ya mtandao iliyopita mita kadhaa kando ya waya wa taa au wa friji nyumbani, ikiwa imefungwa sawasawa, kwa kawaida haioni chochote. Kinachosumbua ni umeme unaokatwa na kuunganishwa ghafla: kontakta ya mota inapoachia huku cheche ikiruka, mashine ya kuchomelea, taa ya tyubu inayopepesa, kifaa cha kubadili kasi ya mota. Cheche ya namna hiyo haina hezi 50 tu. Ina masafa yaliyotapakaa hadi mamilioni ya hezi, na hapo ndipo ujumbe wa mtandao unapokaa.

Na foili je? Hapa pana jambo ambalo wengi hawaambiwi. Uga wa sumaku wa hezi 50 hupenya alumini kwa kina cha takriban milimita 12 kabla ya kupungua nguvu ipasavyo. Foili ya kwenye kebo ni sehemu ndogo sana ya milimita moja. Kwa mvumo wa hezi 50, foili hiyo ni kama haipo. Masafa yakipanda hadi megahezi 30, kina hicho kinashuka hadi takriban milimita 0.015, na sasa utando huohuo mwembamba unakuwa kizuizi cha kweli. Kwa hiyo anayenunua foili akidhani anazuia umeme wa ukutani amenunua kitu kisichofanya kazi hiyo. Foili ni ya kelele za masafa ya juu.

Turudi kiwandani. Jambo la kwanza la kuuliza ni muda ambao picha inapotea. Kelele ya kontakta hudumu sehemu ya sekunde. Ikiharibu pakiti kadhaa, picha inakwama kidogo au inavunjika vipande, kisha inaendelea. Kama picha inapotea kwa nusu dakika au zaidi ndipo irudi, dalili hiyo inaelekeza kwingine kabisa: kamera imezimika na inajiwasha upya. Mota ya ukubwa huu inapoanza huvuta mkondo mkubwa kuliko wa kawaida kwa mara kadhaa, volti ya jengo zima inashuka kwa muda, na adapta ndogo ya kamera iliyochomekwa kwenye soketi ya jirani inashindwa kuvumilia. Hakuna foili itakayotibu hilo. Dawa yake ni kuilisha kamera umeme kupitia kebo ya mtandao yenyewe, kutoka kwenye swichi iliyounganishwa na betri ya akiba kule kwa karani. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya kamera uangalie imewaka kwa muda gani. Kama inasema dakika mbili na wewe umeifunga mwezi uliopita, umeshapata jibu.

Tuseme kamera haikuzimika. Sasa tunahitaji ushahidi kwamba pakiti zinaharibika njiani, na swichi yoyote yenye ukurasa wa usimamizi huhesabu pakiti hizo chini ya jina CRC au FCS. Asiye na swichi ya aina hiyo achomeke kompyuta yenye Linaksi mahali pa kamera, kisha aandike amri hizi, jina la mlango likibadilishwa kulingana na mashine yake:

```
ip -s link show eth0
ethtool -S eth0 | grep -i crc
```

Soma namba ya makosa, mwambie mwendesha kinu awashe na kuzima mota mara tano huku data zikipita, kisha soma tena. Namba ikibaki palepale, kelele ya umeme haina hatia. Ikipanda kila mota inapowashwa au kuzimwa, sasa una kesi. Ikipanda hata mota ikiwa imelala, kebo au konekta ina ubovu wake wenyewe.

Hata hivyo, kesi ya kelele haimaanishi moja kwa moja kwamba kebo inahitaji ngao. Kwanza fungua macho kwenye konekta. Mpangilio unaotumiwa sana huanza na machungwa-nyeupe, machungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Anayeutazama kwa mara ya kwanza hushangaa kwa nini kijani imetenganishwa, moja nafasi ya tatu na nyingine ya sita, huku bluu zikiwa katikati. Baadhi ya watu hujipangia kilicho rahisi kukumbuka: machungwa mbili, kijani mbili, bluu mbili, kahawia mbili, mpangilio uleule pande zote mbili. Testa ya taa nane inawaka moja hadi nane kwa zamu bila kosa, na kazi inakabidhiwa.

Lakini vifaa vinatumia nafasi ya tatu na ya sita kama jozi moja. Kwenye mpangilio huo wa kujitungia, ya tatu ni kijani-nyeupe na ya sita ni bluu. Ujumbe unasafiri kwenye nyaya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja, kila mmoja ukizunguka na mwenzi asiye wake kwa mita 45. Ile hesabu yetu ya 4 na 2 haipo tena: waya mmoja unapokea 3, mwingine 1, na tofauti hiyo inaingia kwenye ujumbe moja kwa moja. Kinu kikiwa kimezimwa kamera inaweza kufanya kazi siku nzima. Kikiwashwa inaanguka. Mwenye mali anaambiwa ni umeme, na ni kweli kelele imetoka kwenye umeme, lakini mlango uliofunguliwa kuipitisha uko kwenye konekta. Kebo yenye ngao ikifungwa kwa mpangilio huohuo itaendelea kusumbua. Testa ya taa huangalia tu kama waya umefika upande wa pili. Haijui waya huo umesafiri na nani.

Kosa la kaka yake ni kufungua msokoto kupita kiasi kabla ya kuingiza nyaya kwenye konekta au soketi ya ukutani. Kwa Cat 5e kinachokubalika ni milimita 13. Nimeona soketi ambazo nyaya zimenyooshwa kwa urefu wa kidole kizima ili mkono upate nafasi ya kufanya kazi.

Konekta zikiwa sawa, linakuja suala la umbali, nalo ndilo ningelipa fedha za foili kama ningelazimika kuchagua. Kebo ya umeme ambayo nyaya zake zote za kwenda na kurudi ziko pamoja ina uga unaopungua haraka: ukiongeza umbali mara mbili, unabaki na takriban robo. Kwenye kiwanda chetu kebo mbili zimegusana, kitovu kwa kitovu labda milimita 15. Ukiihamisha ya mtandao hadi milimita 300, umeongeza umbali mara 20, na uga umeshuka kwa mara mia kadhaa. Gharama yake ni trei mpya au paipu ya plastiki na asubuhi moja ya kazi.

Kiwango cha Ulaya cha EN 50174-2 kinatoa mahali pa kuanzia. Kinapanga umbali wa msingi wa milimita 100 kwa kebo za kawaida zisizo na ngao na milimita 50 kwa zenye ngao, kisha kinaupunguza au kuuongeza kulingana na wingi wa saketi za umeme. Nyumba yenye saketi moja hadi tatu za kawaida inashuka hadi moja ya tano, yaani milimita 20 tu kwa kebo isiyo na ngao. Kwa mashine ya kuchomelea, kiwango hichohicho kinataka milimita 800, na kwa taa za tyubu milimita 130. Ona kwamba ngao imepunguza umbali kwa nusu, haikuufuta. Pale ambapo njia hizi mbili lazima zikutane, zivukane kama msalaba, kwa pembe mraba, ili zikaribiane kwa sehemu fupi kabisa.

Umbali una sababu nyingine ambayo haina uhusiano wowote na kasi ya intaneti. Ganda la kebo ya mtandao halikutengenezwa kuzuia volti 230, achilia mbali 400. Zikiwa kwenye paipu moja na waya wa umeme ukachubuka kwa joto, kwa panya au kwa kuvutwa kwa nguvu, umeme unaweza kufika kwenye konekta ambayo mtoto anaishika kwa vidole. Kwa hiyo paipu moja kwa zote mbili ni hapana, hata kama vipimo vyote vya mtandao ni safi.

Basi ngao inahitajika lini? Turudi kwa mwenye kinu, tuseme mwakani anafunga invata ya kubadili kasi ya mota. Invata hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato una ukingo mkali unaotoa kelele hadi mamilioni ya hezi, mfululizo, saa zote kinu kinapozunguka. Jengo lake ni jembamba; hana mahali pa kupata nafasi ya kutosha kwa mita 30. Hapa foili inastahili bei yake. Kitu cha kwanza, hata hivyo, ni kuzingira chanzo: kebo kati ya invata na mota iwe yenyewe ya ngao, ngao hiyo ikibanwa kwenye metali pande zote mbili. Kelele iliyozuiwa pale haimfikii mtu yeyote, iwe kamera, mizani au redio ya jirani.

Kisha kebo ya mtandao. Kwenye ganda tafuta maandishi F/UTP, yaani foili moja iliyozunguka jozi zote nne, au S/FTP, yenye foili kwa kila jozi na wavu wa nyaya juu yake. U/UTP ndiyo isiyo na chochote. Kwa kiwanda hiki F/UTP inatosha. Chini ya foili kuna waya mwembamba mtupu usio na rangi. Fundi asiyeujua huukata na kuutupa pamoja na foili, anabana konekta ya plastiki, na ngao aliyoilipia mteja inabaki ikielea, haijaunganishwa na kitu. Ngao inayoelea haina mahali pa kupeleka mkondo wa kelele iliyounasa. Inaweza hata kuufikisha karibu zaidi na jozi.

Ngao ni mnyororo. Konekta iwe ya metali, na sehemu ya nyuma ya metali hiyo ibane foili kuizunguka pande zote. Kuunganisha kwa mkia mrefu wa waya ule mwembamba pekee huharibu kazi, kwa sababu kwenye masafa ya juu hata sentimita chache za waya huwa kizuizi. Konekta iingie kwenye mlango wa metali, mlango uwe kwenye kabati la metali, na kabati liunganishwe na erthi ya jengo kwa waya wa kijani na njano. Swichi ya bei nafuu yenye boksi la plastiki na adapta ya miguu miwili haina erthi, na kuchomeka kebo ya ngao hapo hakumalizi mnyororo. Kukagua ni rahisi: kabla ya kuchomeka, pima kwa multimita kutoka metali ya konekta upande mmoja hadi upande wa pili, ukirefusha waya wa kipimo. Lazima upate omu chache tu. Ukipata mkatiko kamili, kuna mtu ameutupa ule waya mtupu.

Watu hubishana kama ngao iunganishwe upande mmoja au pande zote mbili. Kwa kelele za masafa ya juu ni pande zote mbili. Upande mmoja husaidia kidogo tu. Lakini pande zote mbili zinahitaji erthi zinazolingana. Kabla ya kuunganisha, pima volti za umeme geu kati ya ngao na erthi ya kifaa cha mwisho. Kinachokubalika kwa kawaida ni chini ya volti 1. Ukipata volti 5 au 10, usiunganishe: kuna tofauti kati ya erthi za pande mbili, na ukifunga utaifanya foili nyembamba ipitishe mkondo ambao haikutengenezewa, na mvumo uliokuwa nje sasa utakuwa ndani ya kebo yako. Rekebisha erthi kwanza.

Hali hiyo hukutwa zaidi kati ya majengo mawili yenye mita mbili tofauti za umeme. Mwenye kinu akitaka kuunganisha ghala lililo ng'ambo ya uwanja, mita 60, asivute kebo ya shaba kabisa, yenye ngao wala isiyo na ngao. Erthi za majengo hayo hazilingani, na radi ikipiga jirani, hasa kwenye maeneo ya radi nyingi kama ukanda wa Ziwa Victoria, tofauti hiyo inaruka hadi maelfu ya volti kwa mpigo mmoja na kupita kwenye vifaa vya pande zote mbili. Hapo panahitaji fiba isiyo na metali ndani yake. Kioo hakina jozi za kusokota wala ngao ya kuunganisha na erthi, na inaweza kupita kando ya kebo yoyote ya umeme bila kosa hata moja kuhesabiwa kwenye swichi.